Maneno ya Kujazia: Mjadala wa Baraza Moja ya Ujiji

Alasiri moja ya Septemba, jua lilipokuwa limekwisha kuinamia milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, walikuwapo watu watano katika baraza ya nyumba moja ya Ujiji, na mimi nikawa wa sita, kwani nilikuja kwa haja ya kahawa nikabaki kwa haja ya kusikiliza. Alikuwapo Mwalimu, aliyesomesha Kiswahili hata akastaafu, na ambaye hawezi kusoma karatasi yoyote, ijapokuwa ya kufungia karanga, pasipo kalamu ya risasi mkononi. Karani, mtu wa ofisi, msafi wa kanzu na msafi wa ibara. Nahodha, mwenye mtumbwi wa mashine uendao vijiji vya kaskazini. Binti, mwanafunzi wa chuo aliyekuja likizo. Na Shangazi yake, mwanika dagaa wa Kibirizi, ambaye mjadala haukumleta, ila karatasi iliyokuwa ikisomwa ilimhusu yeye.

Habari ya karatasi hiyo ni hii. Wanawake waanikao dagaa walikuwa wamekusudia kuchapa kijitabu cha kumbukumbu ya miezi mitatu ya mwaka 2024, tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, ambayo Ziwa Tanganyika lilifungwa lisivuliwe ili samaki wapate kuzaana, na kila mmoja alitakiwa atoe habari yake. Binti akamwandikia Shangazi. Kisha Karani, kwa jamala yake, akaichukua ile habari akainyoosha usiku mmoja, na asubuhi yake ikawa imenyooka kweli, mithili ya shati lililopigwa pasi: halina kunjo hata moja, wala huwezi kujua mwenye kulivaa ni nani. Nainakili hapa aya yake ya kwanza, kwa kuwa maneno yote ya alasiri ile yaliizunguka:

"Katika ulimwengu wa leo wenye mabadiliko ya kasi, ni muhimu kutambua kwamba sekta ya uvuvi ina mchango mkubwa katika maendeleo ya jamii. Hata hivyo, kufuatia kufungwa kwa Ziwa Tanganyika, wanawake wa mwambao walikabiliwa na changamoto mbalimbali za kiuchumi na kijamii. Licha ya hayo yote, hawakukata tamaa, bali walisimama imara wakionesha moyo wa ujasiri usio na kifani. Miongoni mwao ni shangazi yangu, ambaye si tu mjasiriamali hodari, bali pia ni nguzo imara ya familia na mfano wa kuigwa na jamii nzima."

Binti aliposoma hata mwisho, Shangazi, aliyekuwa akisikiliza kwa adabu, aliuliza kwa sauti ndogo: "Huyo mwanamke ni wa wapi?"

KARANI: Ni wewe, dada yangu. Nimekuvika joho.

SHANGAZI: Ahsante. Lakini sikujiona.

MWALIMU: Wala hutajiona, maana hukutiwa humo. Karani, usinielewe vibaya. Kosa la sarufi sikuliona, ngeli zimepatana, nukta na vituo viko mahali pake. Nataka nifanye jambo moja tu. Mwanangu, soma tena sentensi ya kwanza, na penye neno uvuvi tia neno elimu.

Binti akasoma: sekta ya elimu ina mchango mkubwa katika maendeleo ya jamii. Sentensi ikasimama. Akaambiwa atie kahawa ya Kagera, ikasimama. Akatia, kwa mzaha wake mwenyewe, kinyozi, na ijapokuwa tulicheka, nayo pia ilisimama.

MWALIMU: Basi sentensi hiyo haikuandikwa kwa ajili ya dagaa. Ilikuwapo duniani kabla ya Binti hajazaliwa, ikizunguka kutoka risala hadi risala, na jana ilipita Kibirizi kama abiria asiyeshuka.

KARANI: Taratibu, Mwalimu wangu. Kwa kipimo hicho hata kauli ya kwamba binadamu wote watakufa itafaa katika habari ya kahawa na ya kinyozi pia. Je, ni uongo? Ni ya kufutwa? Na shikamoo je, ambayo humfaa kila mkubwa? Kufaa mahali pengi kuwe dhambi tangu lini?

Jawabu hilo lilimkuta Mwalimu akiwa na kikombe kinywani, na nilifurahi kuona hakujibu upesi. Aliweka kikombe chini, akakiri kuwa kipimo chake kinanasa na visivyostahili kunaswa, na kwamba shikamoo ina kazi yake, nayo ni kumjulisha mkubwa ya kuwa umemwona. Kwa hiyo akaongeza kipimo cha pili: aisome kauli kinyume chake, kisha aulize kama yuko mtu yeyote, hapa Ujiji au penginepo, ambaye angeweza kuisema hiyo kinyume. Nani angeandika kuwa uvuvi hauna mchango wowote? Nani, katika kijitabu cha kumbukumbu, angeandika kuwa shangazi yake ni mfano wa kuepukwa? Sifa isiyoweza kukanushwa na mtu, alisema, haimwongezei msifiwa kitu. Na kauli ya mauti humfaa msemaji pale tu anapoitamka mbele ya mtu aliyesahau.

NAHODHA: Mimi nimelielewa jambo hili, na nina ushahidi. Barua ndefu ni hasara.

MWALIMU: Hatujasema urefu, Nahodha.

NAHODHA: Ngojeni. Mashine yangu ilipelekwa kwa fundi mmoja mwenye karakana kubwa, ikarudi inatoa moshi mweusi na kula mafuta mara mbili. Nikamwandikisha kijana barua. Ukurasa wa kwanza: natumaini hujambo na wote hapo ofisini, mimi mzima wa afya, ama baada ya salamu napenda kuchukua fursa hii adhimu kukushukuruni kwa huduma zenu na ushirikiano wetu wa muda mrefu. Ukurasa wa pili: mashine inatoa moshi. Wao wakasoma wa kwanza, wakaitia katika jalada la barua za shukrani. Nimekwenda mara tatu, naambiwa jalada linaonesha niliridhika.

Kicheko kilichotoka hapo kiliwafanya wapita njia wageuke. Lakini Mwalimu alikuwa ameshika kitu katika kisa hicho ambacho Nahodha mwenyewe hakukikusudia, akakigeuza hivi. Barua za wazee wetu, alisema, zile zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu na kupelekwa na misafara kutoka hapa Ujiji hata Unyanyembe na Unguja, zilikuwa na dibaji ndefu kupita ya kijana wa Nahodha: ila janabi sheikh, al-mukarram, al-akh, na dua juu ya dua. Walakini dibaji ile ilikuwa na mpaka. Ilikuwa na mahali pake maalumu juu ya karatasi, na ilipokwisha lilikuja neno wabaadu, ambalo ni kama mlango, na kila msomaji alijua ya kuwa haja imeanza hapo. Mfanyabiashara mwenye haraka aliruka kwa jicho moja mpaka kwenye wabaadu, akajua bei ya pembe, kisha akarudi kwa nafasi yake kufurahia heshima alizopewa. Sisi wa leo tumeuondoa mlango, na zile heshima tumezitawanya ndani ya nyumba yote: nusu katika sentensi ya kwanza, robo katikati, na nyingine zimelala juu ya haja yenyewe, hata msomaji hajui pa kurukia.

KARANI: Basi yanayokukera si maneno, ni mahali yalipokaa.

MWALIMU: Baadhi yake ni mahali. Barua ya ofisi ikianza kwa "husika na kichwa cha habari hapo juu", sina neno. Kila mtu hulivuka kama anavyovuka kizingiti. Na kwenye jukwaa, mwenye kusoma risala akisema itifaki imezingatiwa, amewaokoa watu na dakika nne za majina. Fauka ya hayo msikilizaji, tofauti na msomaji, anahitaji pumziko, kwa kuwa sikio haliwezi kurudi nyuma likasikiliza tena. Nauliza habari ya karatasi ya Binti, ambayo itasomwa na mtu aliyeketi peke yake.

Hapo Karani alimtaja Shaaban Robert. Alisema kwamba bwana yule naye alikuwa karani wa serikali, kuanzia forodhani, na wala kazi hiyo haikumkataza kuandika sentensi ndefu zenye mapambo, na kama Mwalimu angepewa karatasi zake na kalamu ya risasi, labda tusingekuwa na *Kielezo cha Insha* kilichochapwa mwaka 1954. Naona Karani alikuwa na haki ya nusu. Yako maneno mengi yasiyo ya kujazia, na yako machache ambayo yote ni ya kujazia. Sentensi ya mistari sita ambayo kila kifungu chake kimebeba mzigo ni kama msururu wa wapagazi, na sentensi ya maneno manne yaweza kuwa wapagazi wanne mikono mitupu. Mwenyewe naandika kwa urefu, kama mnavyoona, na siombi radhi. Ninachokiri ni kwamba niliposoma mswada wangu mmoja wa zamani nilikuta nimeandika "kwa hakika" mara kumi na moja, na katika hizo kumi na moja hapakuwa na hata moja ambayo nilikuwa na hakika zaidi kuliko katika sentensi zisizokuwa nayo.

BINTI: Lakini Mwalimu, sisi tumefundishwa hivyo. Insha ikipungua maneno, maksi zinapungua. Mtu amemaliza alichonacho katika nusu ukurasa, na nusu nyingine inamkodolea macho.

MWALIMU: Umesema kweli, na kweli hiyo naibeba mimi pia, kwani nilikuwa nikihesabu. Watunga mashairi wanalijua jambo hili kuliko sisi. Kipande cha utenzi kinataka mizani minane. Maana ikiisha kwenye mizani mitano, mtunzi dhaifu hutia "nakwambia" au "sikiza" ili kujaliza, na mjuzi akisikia hucheka kimoyomoyo, ijapokuwa humwia radhi, maana mizani ilimdai. Sasa wewe, katika nathari, nani alikudai? Hakuna mizani. Kuna ukurasa tu, na hofu yako ya ukurasa.

Ndipo Mwalimu alipoichukua ile aya na kuanza kupitisha kalamu. Nilitazama mkono wake. Hakufuta moja kwa moja. Alitia duara jembamba, akauliza, akasubiri, na duara lisilopata mtetezi ndilo alilolikata mstari. Sentensi ya kwanza ilikwenda yote. "Kufuatia" ilikwenda, ikabaki kufungwa kwenyewe. Alipofika kwenye "changamoto mbalimbali" alisimama muda mrefu, na nataka nisimame naye, maana ndipo penye kiini cha kadhia hii.

Neno changamoto, alisema, asili yake ni jambo limchangamshalo mtu, limtialo ari ya kushindana nalo. Lakini sasa limemeza jamaa zake wote. Zamani palikuwa na shida, taabu, dhiki, hasara, njaa, deni, upungufu, aibu, uchovu, na kila moja lilikuwa na uso wake, hata mtu akisema "nina dhiki" ulijua humkuti katika hali ile ile ya mwenye kusema "nimepata hasara". Leo yote ni changamoto. Na hilo "mbalimbali" linaloliandama, aghalabu ni alama ya kuwa mwandishi hakuhesabu. Angalihesabu angalisema mbili au tatu. Basi duara hili halikatwi kwa kalamu. Ukilikata, linabaki shimo, na shimo hilo Mwalimu hawezi kulijaza, wala Karani, wala kamusi.

BINTI: Nifanyeje?

MWALIMU: Mwulize mwenyewe. Amekaa hapo.

Yalipokwisha maduara hayo, katika maneno 80 ya aya ile yalibaki 9: kufungwa kwa Ziwa Tanganyika, wanawake wa mwambao, shangazi yangu. Binti aliyatazama kama mtu aliyetia mchele mkavu maji ya kuosha na kugundua kuwa sufuria nzima ilikuwa pumba. Kisha akamgeukia Shangazi, akamwuliza, bila ufasaha wowote, ziwa lilipofungwa alipata taabu gani.

SHANGAZI: Sasa, yaani, taabu yangu mimi ilikuwa jua.

BINTI: Jua lilikuwa kali?

SHANGAZI: Lilikuwa zuri! Ndiyo taabu yenyewe. Wewe unajua masika dagaa wanavyotutenda. Umewamwaga asubuhi, saa sita mvua, unawazoa mbio, unawamwaga tena, mvua. Siku ya pili wamebadilika rangi, unawauza kwa watu wa chakula cha kuku. Sasa kiangazi kikiingia, mwezi wa tano, tunasema alhamdulillahi: mchanga mkavu, ukimwaga asubuhi jioni unazoa. Miezi hiyo ndiyo ya kupata. Na wamelifunga ziwa tarehe 15 mwezi wa tano. Sikatai, samaki na wao wazae. Lakini kila asubuhi naamka naliona jua limetoka, safi, najisemea, jua gani hili linapotea bure.

Nahodha aliinua kichwa, kwa mara ya kwanza bila ya kufikiria mashine yake.

SHANGAZI: Nilikuwa na vichanja vitatu vya waya. Wiki ya kwanza nilivifagia tu, mazoea. Wiki ya pili mbuzi wakaanza kulala juu yake. Nikaona hapana, nikaung'oa waya, nikaukunja, nikautia uvunguni. Nikaenda Mwandiga kuchukua mawese, debe moja, nauza kwa chupa pale Mwanga. Sasa mawese, yaani, mimi mikono yangu haiyajui. Nguo zangu zote mbili zimekufa kwa madoa.

Hakuna aliyenena kwa kitambo. Binti alikuwa akiandika kwa kasi, akiwa ameugeuza ule mswada na kutumia upande wake mweupe. Baada ya muda wa kikombe kimoja alisoma alichopata, na nalazimika kusema kwamba jaribio hilo la kwanza lilikuwa baya kwa namna mpya. Alikuwa ameanza na "wahenga walisema", akafuatisha methali mbili, akamtia Shangazi maneno ya vijana wa gengeni, na kila baada ya sentensi mbili akaandika "jamani!" ili pasikike sauti ya mtu.

SHANGAZI: Mimi sisemi jamani.

MWALIMU: Umetoka msikitini ukaingia ngomani, mwanangu. Methali nayo ni ibara iliyotengenezwa na wengine. Ikija yenyewe ni hiba, ikiitwa ije kujaza nafasi ni ndugu yake "katika ulimwengu wa leo". Fanya hivi: andika alichosema, kwa mpango aliousema, kisha simama.

Jaribio la pili lilikuwa hili:

"Ziwa lilifungwa tarehe 15 Mei, kiangazi kinapoanza. Waanika dagaa huingojea miezi hiyo, kwa kuwa mchanga ni mkavu na kilichomwagwa asubuhi huzolewa jioni. Safari hii mchanga ulikauka. Dagaa hawakuwapo. Shangazi alikuwa na vichanja vitatu vya waya. Wiki ya kwanza alivifagia kwa mazoea, wiki ya pili mbuzi wakaanza kulala juu yake. Akaung'oa waya, akaukunja, akautia uvunguni, akaenda Mwandiga kuchukua mawese, ambayo mikono yake haikuyajua, nayo yakaziua nguo zake zote mbili kwa madoa. Kila asubuhi, anasema, aliliona jua limetoka safi, linapotea bure."

Mwalimu aliridhika mno, na nadhani kuridhika huko kulimpotosha, kwani alitaka kukata zaidi. Alitia duara kwenye "anasema", akidai kuwa msomaji amekwisha kujua msemaji ni nani.

BINTI: Hapana, hilo nalishikilia. Nikiliondoa, itakuwa mimi ndiye nisemaye kuwa jua lilipotea bure, na mimi wakati huo nilikuwa chuoni.

KARANI: Na mimi nina langu. Hapo kwenye "mchanga ulikauka, dagaa hawakuwapo" umevunja daraja. Zamani palikuwa na "hata hivyo", mkalicheka. Sasa sentensi mbili zimesimama kama watu waliogombana. Tieni "lakini", mseme: mchanga ulikauka, lakini dagaa hawakuwapo. Maneno ya kuunganisha si pambo. Ndiyo yanayomwambia msomaji kwamba jambo la pili linashindana na la kwanza.

Mwalimu alifikiri, akatia "lakini" kwa mkono wake mwenyewe, na akasema mbele yetu sote kuwa Karani ameona alichokosa yeye: kwamba mtu akishika upanga wa kufyeka, aghalabu hufyeka na viungo, na dalili yake ni kuwa maandishi huanza kulia tap-tap-tap kama simu ya zamani ya posta. Tofauti ya kiungo na cha kujazia aliieleza hivi: ng'oa neno, usome sentensi mbili zilizokuwa pande zake. Uhusiano wao ukikupotea, lirudishe. Usipopotea, lilikuwa limekaa tu.

Liliibuka pia swali la "yaani" na "sasa" za Shangazi, ambazo huzisema karibu kila sentensi. Binti alitaka kuzitia zote, kwa hoja kwamba kama muradi wetu ni mtu halisi, basi mtu huyu halisi husema yaani. Karani alistaajabu: hayo si maneno ya kujazia kwa asilimia mia? Mbona ya kwake yamefutwa na ya Shangazi yanatetewa? Mwalimu alijibu kuwa yale ya Karani si ya Karani, ni ya kila mtu na ya ofisi zote, lakini "sasa" ya Shangazi ina desturi: huja pale tu habari inapogeuka, kama pale alipotoka masika kuingia kiangazi. Yaani yake, kwa upande mwingine, Mwalimu aliiona ni pumzi tu. Binti hakukubali. Alisema katika pumzi hiyo ndimo anamomsikia shangazi yake akiwa jikoni. Sikuona aliyeshinda, na katika nakala ya mwisho niliyoonyeshwa siku chache baadaye "yaani" moja ilikuwa imeandikwa, ikafutwa, ikaandikwa tena.

Jua lilikuwa limekwisha kugusa maji Karani aliposema jambo ambalo nafikiri alikuwa akilizuia tangu mwanzo. Alisema kwa upole, akiangalia mikono yake.

KARANI: Mnaniona mtu wa kupiga pasi. Sawa. Lakini mimi ni jirani yake. Yapo mambo ya miezi ile ambayo nayajua, naye anajua kuwa nayajua. Nilipoandika changamoto mbalimbali sikuwa mvivu.

Shangazi akainamisha macho, kisha akayainua, akasema wazi kwamba lilikuwako deni, na kwamba halitaandikwa. Lilikopwa kwa mtu ambaye naye atakisoma kijitabu, na bado halijakwisha. Alisema pia kwamba Karani alifanya vema kumsitiri, Mungu amlipe.

Hapa Mwalimu hakuwa na kalamu ya kutosha. Alijaribu kusema kwamba sitara ni kunyamaza, na kwamba mwenye kunyamaza hadanganyi, kwa hiyo deni liachwe nje, na pale lilipokuwa pasiandikwe kitu, kinyume na kuandika ujasiri usio na kifani, ambao humfanya msomaji adhani ameambiwa yote. Karani akauliza: msomaji akiona mbuzi, waya, mawese na madoa, kila kitu kwa uso wake, je, hatadhani kwa hakika zaidi kuwa ameambiwa yote? Neno butu, alisema, lina insafu moja, kwamba kila mtu anajua ni pazia. Maandishi ya wazi yakificha, hufichia mahali ambapo hakuna ashukuye.

BINTI: Kwa hiyo nirudishe changamoto?

KARANI: Sikusema hivyo.

MWALIMU: Wala mimi.

SHANGAZI: Andika tu, "na mengine ni yangu". Ndivyo ninavyowajibu watu wakinizidishia maswali.

Binti akaandika, chini ya sentensi ya jua: Na mengine, anasema, ni yake. Mwalimu alilitazama lile "anasema" la pili, akaiinua kalamu, akaishusha.

Muadhini alikuwa akikohoa kujitayarisha. Shangazi aliinuka, akajifunga kanga, akasema anawahi, kwa kuwa ameacha beseni mbili za dagaa bila kufunikwa na paka wa Kibirizi hawana dini. Nahodha alibaki ameketi, akitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nyingi.

NAHODHA: Mmemaliza ya dagaa. Sasa mashine yangu?

MWALIMU: Leta. Tunaanza na moshi mweusi.

KARANI: Bila salamu hawatakufungulia hata bahasha, Nahodha. Mstari mmoja wa salamu, kisha moshi.

NAHODHA: Mmoja?

KARANI: Mmoja. Na tarehe uliyoichukua mashine, na lita ulizokuwa ukitumia kwenda Kagunga kabla na baada.

Nahodha akasema lita hizo hakuziandika popote, anazo kichwani tu. Karani akamwambia azitoe kichwani basi, kabla ya sala, naye akachomoa kalamu yake ya wino, ya ofisini, akauandika mstari wa salamu kwa mwandiko mzuri ajabu.